Herufi mbili kwenye slipu ya mshahara: M1

Wiki hii naomba tuache kidogo siasa na muziki tuongelee kitu kinachowauma ndugu zetu wengi walioko ughaibuni kimya kimya. Nasema kimya kimya kwa sababu hakuna anayekipigia kelele. Mtu anaona kodi imekatwa, anaguna, anasema "serikali ni serikali tu", kisha anaendelea na maisha.

Naongelea kodi ya mshahara ya Uingereza kwa mtu anayeanza kazi katikati ya mwaka. Nimechagua Uingereza kwa sababu ndiko wasomaji wangu wengi wa nje waliko, na kwa sababu pale kuna njia mbili za kukata kodi hiyo hiyo, kwa mshahara ule ule, kwa mtu yule yule. Tofauti kati ya njia hizo ndani ya miezi sita inaweza kuzidi pauni 1,200. Hiyo ni pesa ya kodi ya nyumba ya kaka yako hapa Sinza kwa muda mrefu tu.

Msimamo wangu nausema mapema ili asiyetaka kusoma hadi chini aondoke nao. Mfumo wa Waingereza wa kujumlisha mwaka mzima ni mzuri, na kwa mtu aliyeanza kazi katikati ya mwaka ni wa haki kuliko wa kukata mwezi kwa mwezi. Lakini una tabia moja mbaya: usipojua historia yako, unakukata kama vile umefanya kazi tangu mwanzo wa mwaka. Pesa itarudi, ndiyo, ila mpaka hapo unakuwa umeikopesha serikali tajiri bila riba, wakati wewe mwenyewe unakopa kwa rafiki nauli ya basi.

Tuanze na msingi. Mwaka wa kodi wa Uingereza hauanzi Januari. Unaanza Aprili 6 na kuisha Aprili 5 ya mwaka unaofuata. Ndani ya mwaka huo kila mtu wa kawaida ana fungu la mapato lisilokatwa kodi kabisa. Fungu hilo ni pauni 12,570, na halijabadilika tangu Aprili 2021. Ukivuka hapo, pauni 37,700 zinazofuata zinakatwa asilimia 20. (Uskochi wana viwango vyao, kwa hiyo mdau wa Glasgow asinishike shati.) Fungu hilo ndilo linaloandikwa kwenye slipu yako kama namba ya kodi 1257L. Toa sifuri ya mwisho kwenye 12,570, ongeza herufi L, basi.

Sasa swali la maana: hilo fungu la pauni 12,570 unalipata lini? Hapo ndipo njia mbili zinapoachana.

Njia ya kwanza ni ya kujumlisha. Mwajiri anaangalia leo ni mwezi wa ngapi tangu Aprili, anakupa mafungu ya miezi yote hiyo, anajumlisha mshahara wote uliolipwa tangu Aprili, kisha anakokotoa kodi ya jumla hiyo. Akipata jibu, anatoa kodi uliyokwisha kukatwa. Kinachobaki ndicho anachokukata mwezi huu. Kikitokea chini ya sifuri, anakurudishia. Ni kama daftari la mangi wa dukani: halianzi ukurasa mpya kila siku, linabeba deni na salio la jana.

Njia ya pili ni ya mwezi peke yake. Mwajiri anakupa fungu la mwezi mmoja tu, anakata kodi ya mwezi huo, anafunga daftari. Mwezi ujao anafungua jingine jeupe. Ya nyuma hayamhusu. Ukiwa kwenye njia hii, slipu itaandika 1257L M1. Wanaolipwa kwa wiki wataona W1, na baadhi ya programu za mishahara huweka X tu. Herufi hizo ndogo ndizo zinazoeleza kila kitu, na ndizo ambazo hakuna anayezisoma.

Kwa mtu aliyefanya kazi Aprili hadi Aprili kwa mshahara usiobadilika, njia zote mbili zinatoa jibu lile lile, kwa hiyo hana sababu ya kujali. Anayeumia ni mgeni wa katikati ya mwaka, maana miezi ambayo hakufanya kazi ina mafungu yake yamelala pale bila kutumika. Njia ya kujumlisha inayaamsha. Njia ya mwezi peke yake haijui hata kama yapo.

Tuchukue mfano, maana bila namba haya ni maneno tu. Kuna dada amemaliza shahada ya uzamili Uingereza Septemba 2025. Alikuwa mwanafunzi tu, hajafanya kazi yoyote tangu Aprili. Anapata kazi, mshahara pauni 2,400 kwa mwezi kabla ya makato, na analipwa mara ya kwanza Oktoba 31. Ukihesabu miezi ya kodi kuanzia Aprili 6, Oktoba 31 inaangukia mwezi wa saba. Fungu la mwezi mmoja kwa namba 1257L ni pauni 1,048.25. (Ukigawanya 12,570 kwa 12 utapata pungufu kidogo. Majedwali ya mishahara huhesabu namba hiyo kama 12,579 ili mfanyakazi asionewe kwenye kukadiria.)

Kwanza njia ya kujumlisha. Oktoba ana mafungu saba, yaani pauni 7,337.75. Amelipwa 2,400 tu. Kodi: sifuri. Novemba mafungu ni 8,386, mshahara wa jumla 4,800. Sifuri tena. Desemba sifuri. Januari mafungu yamefika 10,482.50 na mshahara wa jumla 9,600. Bado sifuri. Februari ndipo mshahara unayapita mafungu kwa mara ya kwanza: 12,000 dhidi ya 11,530.75. Anakatwa asilimia 20 ya ile ziada, yaani pauni 93.80. Machi jumla ya kodi ya mwaka inakuwa pauni 364.20. Ameshalipa 93.80, kwa hiyo mwezi huo anakatwa 270.40. Mwaka umefungwa.

Sasa dada yule yule kwenye M1. Oktoba anapewa fungu moja, 1,048.25. Kinachobaki kwenye 2,400 kinakatwa asilimia 20, na kodi ni pauni 270.20. Novemba 270.20. Desemba 270.20. Hivyo hivyo hadi Machi. Miezi sita: pauni 1,621.20.

Pauni 364.20 dhidi ya 1,621.20. Tofauti ni pauni 1,257. Sheria haijabadilika wala mshahara haujabadilika. Kilichobadilika ni kama mwajiri alijumlisha au hakujumlisha.

Na kuna la tatu baya kuliko yote. Kama hakujaza chochote siku ya kwanza, mwajiri hana taarifa, na anatakiwa kumweka kwenye 0T M1. Sifuri hiyo maana yake hana fungu lolote. Kila pauni inakatwa kuanzia ya kwanza: pauni 480 kwa mwezi. Miezi sita ni pauni 2,880, na kodi yake halali ya mwaka ni chini ya 400!

Nani anaamua uende wapi? Wengi wanadhani ni mhasibu, wanamchukia bure. Anayeamua ni karatasi. Kama ulikuwa na kazi nyingine mwaka huo huo wa kodi, mwajiri wa zamani anatakiwa kukupa P45, ambayo inaonyesha ulilipwa kiasi gani tangu Aprili na ulikatwa kiasi gani. Ukimpa mwajiri mpya, anaendeleza daftari pale lilipoishia. Kama huna P45, unajaza fomu ya mfanyakazi mpya, ambayo inakutaka uchague kauli moja kati ya A, B na C. A ni kwamba hii ndiyo kazi yako ya kwanza tangu Aprili 6 na hujapokea pensheni wala zile posho za serikali zinazotozwa kodi. Unapewa 1257L ya kujumlisha. B ni kwamba sasa una kazi hii moja tu, lakini tangu Aprili 6 ulikuwa na nyingine au ulipokea posho hizo. Unapewa 1257L M1. C ni kwamba una kazi nyingine au pensheni inayoendelea. Unapewa BR, asilimia 20 ya kila kitu, kwa sababu fungu lako linatumika kule kwingine.

Kwa hiyo yule dada anastahili A. Akichagua A, hana tatizo. Shida inakuja anapoambiwa na mtu wa ofisini "jaza B, ndiyo ya kawaida", au anapopewa rundo la fomu 15 siku ya kwanza na hii ikabaki chini ya rundo.

Sasa wadau wa WhatsApp mmeshaanza kuandika: "Basi kila mtu achague A!" Hapana, jamani. Hapa ndipo naomba mnisikilize vizuri, maana nimeuona ushauri huo ukizunguka kwenye makundi kama ule wa kitunguu saumu.

Chukua kaka aliyebeba maboksi kwenye ghala tangu Aprili hadi Septemba kwa pauni 1,800 kwa mwezi. Kule alikatwa kawaida, na mafungu yake sita ya kwanza yalishatumika. Oktoba anaingia kazi mpya ya pauni 2,400, hana P45 mkononi, anachagua A kwa sababu rafiki kamwambia. Mwajiri mpya anaamini hajafanya kazi mwaka huo, anampa mafungu saba kwa mkupuo, na miezi minne anakatwa sifuri. Raha iliyoje! Lakini mafungu sita kati ya hayo yalishaliwa ghalani. Mwaka ukiisha, mshahara wake wote ni 25,200, kodi halali ni 2,526, na aliyokatwa kazi zote mbili ni kama 1,266. Anadaiwa takriban pauni 1,260.

Deni hilo haliji kama kipigo kimoja. Mamlaka ya kodi, HMRC, kwa kawaida hulikusanya mwaka unaofuata kwa kupunguza fungu lake. Kupata pauni 1,260 kwa asilimia 20 inabidi wampunguzie fungu kwa pauni 6,300, na namba yake ya kodi inashuka kutoka 1257L hadi karibu 627L. Anakatwa kama pauni 105 zaidi kila mwezi kwa miezi 12, na pengine mwaka huo ndio ameleta mke na mtoto. Mara nyingi HMRC hugundua kabla ya mwaka kwisha, na hapo humweka kwenye M1 ili asivuliwe mshahara wote kwa mkupuo. Kwa hiyo M1 si adui siku zote. Kwa kaka huyu ndiyo jibu sahihi kabisa, maana miezi yake ya nyuma haina kitu cha kumdai wala kumrudishia.

Rafiki yangu mmoja anayefanya kazi ya mishahara aliniambia kitu ambacho nakubaliana nacho nusu. Alisema: "Wewe unaona M1 kama wizi. Mimi naiona kama tahadhari. Sijui huyu mtu ametoka wapi. Nikikosea kumkata zaidi, anarudishiwa. Nikikosea kumkata pungufu, anadaiwa. Bora lipi?"

Kwa mtu wa kauli B, hoja hiyo ina nguvu. Hakuna anayejua ya nyuma, na ni salama kusubiri P45. Lakini hoja inadhani kwamba pesa ikirudi basi hakuna aliyeumia. Mtu aliyeanza kazi Oktoba ndiye huyo huyo anayelipa dhamana ya chumba Oktoba, ananunua koti Novemba na kutuma ada nyumbani Januari. Pauni 270 za Oktoba na pauni 270 za Julai mwakani si kitu kimoja kwake. Na wanaodondokea 0T kwa sababu tu hakuna aliyewapa fomu, hao sioni tahadhari yoyote pale. Mwajiri asiruhusiwe kufika siku ya kwanza ya malipo bila kuhakikisha fomu imejazwa na mfanyakazi ameelewa A, B na C ni nini. Ni maswali matatu, dakika tano.

Tuje kwenye marekebisho, maana ndipo wengi wanapokata tamaa mapema au wanapongoja kupita kiasi.

Rudi kwa dada yetu. Tuseme Oktoba, Novemba na Desemba alikuwa M1, amekatwa pauni 810.60. Kwenye likizo ya Krismasi anakaa na slipu zake, anaona zile herufi mbili. Anaingia kwenye akaunti yake ya kodi kwenye tovuti ya HMRC, au kwenye programu yao ya simu, na kuwaambia kwamba hii ndiyo kazi yake pekee na hakuwa na nyingine tangu Aprili. HMRC wakiridhika wanamtumia mwajiri namba mpya: 1257L, bila M1. Angalia vizuri hapo: mwajiri hawezi kuibadilisha kwa kuombwa tu. Anahitaji karatasi, iwe P45 iliyochelewa au taarifa ya namba mpya kutoka HMRC. Kwa hiyo kumfokea dada wa mishahara ni kupoteza mate.

Namba mpya ikifika kabla ya malipo ya Januari, programu ya mishahara inafungua lile daftari refu. Mafungu kumi ni 10,482.50, mshahara wa jumla 9,600, kodi inayostahili hadi leo sifuri, iliyokwisha katwa 810.60. Januari hakatwi kodi, na anarudishiwa pauni 810.60 ndani ya mshahara huo huo. Hakuna hundi, hakuna barua, hakuna wakala wa kukukata asilimia. Februari anakatwa 93.80, Machi 270.40, na amefika pale pale ambapo angefika kama angeanza vizuri. Huo ndio uzuri wa kujumlisha: kosa la nyuma linajisahihisha lenyewe kwa malipo yanayofuata, kwa senti.

Lakini dirisha hilo linafungwa. Malipo ya mwisho ya mwaka wa kodi, kwa wengi ni ya mwishoni mwa Machi, ndiyo nafasi ya mwisho ya mwajiri kulisahihisha. Baada ya Aprili 5 daftari la mwaka huo linaondoka mikononi mwake, na kazi inahamia HMRC. Mwajiri anakupa P60, muhtasari wa mwaka, kabla ya Mei 31 kupita. Kuanzia Juni HMRC hutuma barua za P800 kwa waliokatwa zaidi au pungufu. Dada angebaki M1 hadi mwisho, P800 yake ingeonyesha kama pauni 1,255 za kurudishiwa, na angezidai kupitia tovuti au kwa hundi. Pesa ni ile ile, ila imechelewa nusu mwaka au zaidi. Na barua inakwenda kwenye anwani waliyonayo. Tunajua ndugu zetu wanavyohama vyumba. Kama hukuletewa barua, bado unaweza kudai ndani ya miaka minne tangu mwaka husika ulipoisha. Ya mwaka 2025/26 mwisho ni Aprili 5, 2030. Na anayerudi nyumbani moja kwa moja katikati ya mwaka ana fomu yake, P85, maana naye ana mafungu ya miezi iliyobaki ambayo hatayatumia.

Kuna kitu kimoja ambacho hakirudi, na nakisema ili usije ukamsumbua mtu bure. Kwenye slipu hiyo hiyo kuna mstari wa NI, yaani bima ya taifa. Hiyo kwa mfanyakazi wa kawaida huhesabiwa kwa mwezi peke yake, sikuzote. Dada yetu anakatwa asilimia 8 ya kinachozidi pauni 1,048 kwa mwezi, yaani pauni 108.16, kila mwezi kuanzia ule wa kwanza. Ukweli kwamba Aprili hadi Septemba hakuwa na kazi hauhesabiwi. Kwa hiyo kwenye karatasi moja una mistari miwili: mmoja una kumbukumbu ya mwaka, mwingine hauna. Ukitaka kujua njia ya mwezi peke yake inamfanyia nini mtu wa katikati ya mwaka bila marekebisho yoyote, usiende mbali. Itazame NI.

Hapa nyumbani sisi tumezoea kodi ya lipa kadiri upatavyo, ile PAYE, ikihesabiwa kwa jedwali la mwezi. Wakenya angalau wana ritani ya kila mwaka kwenye iTax kabla ya Juni 30, ambapo mwaka mzima unatazamwa upya. Ndiyo maana mtu wetu akifika Uingereza na kuona kila mwezi anakatwa kiasi kile kile, haoni ajabu. Amezoea. Lakini kule, kwa aliyeanza Oktoba akiwa hana kazi kabla, kiasi kile kile tangu mwezi wa kwanza ndiyo dalili yenyewe. Kwenye njia ya kujumlisha, mgeni wa katikati ya mwaka mwenye mshahara wa wastani anatakiwa aone sifuri, sifuri, kisha kidogo, kisha kawaida. Akiona 270, 270, 270, aangalie herufi. Akiona moja ya tano ya mshahara wote imeondoka, asingoje hata slipu ya pili.

Mfumo huu wa kujumlisha Waingereza waliuanza Aprili 1944, katikati ya vita, wakati hesabu zote zilifanywa kwa kalamu na majedwali ya karatasi. Tangu 2013 waajiri wanatuma taarifa za mshahara kwa HMRC kila siku ya malipo kwa kompyuta. Ndiyo maana siwaonei huruma sana wanaponiambia hawakujua mtu hakuwa na kazi. Taarifa za miezi ya nyuma wanazo. Kukosekana kwa jina lako kwenye orodha za malipo tangu Aprili hadi Septemba nako ni taarifa. Kwa maoni yangu, mtu ambaye HMRC haina rekodi yake yoyote ya malipo mwaka huo atolewe kwenye M1 kabla ya slipu ya pili bila kuomba. Mpaka hapo watakapofanya hivyo, wa kusoma herufi ni wewe.

Kwa hiyo mdau uliyeanza kazi mwaka huu, leo kabla hujalala, toa slipu, tafuta namba ya kodi. Kama ni 1257L tupu na kauli uliyochagua ni ya kweli, lala. Kama ina M1, W1 au X mwishoni, jiulize: je, nina miezi ya nyuma ambayo sikufanya kazi, au niliyofanya kazi kwa mshahara mdogo? Kama jibu ni ndiyo, tafuta P45 yako au ingia kwenye akaunti yako ya HMRC, na fanya hivyo kabla ya malipo ya Machi. Kama jibu ni hapana, iache hivyo hivyo, inakulinda.

Wa Leicester, Reading, Milton Keynes na kwingineko, karibuni mtuambie kwenu ikoje. Msiweke slipu nzima hadharani, jamani, namba zenu za NI ni siri. Niandikieni tu: ulianza mwezi gani, na herufi zako ni zipi?